Tovuti ya Biashara Ihesabiwe kwa Miaka Mitatu

Mwenye gesti ya Dunga, Kisumu, anapomuuliza fundi bei ya tovuti, jibu huwa takwimu moja: elfu ishirini na tano, elfu thelathini na tano, au zaidi kidogo ikiwa fundi ana ofisi mjini. Takwimu hiyo huenda ni ya kweli, lakini ni gharama ya kujengewa tu. Haisemi tovuti itakula kiasi gani mwaka wa pili na wa tatu, ni sehemu ipi inayolipwa kwa dola, wala nani atakuwa na funguo siku fundi akihama. Ninachodai hapa ni kwamba tovuti ya biashara ndogo ikadiriwe kwa miaka mitatu mfululizo, na kwamba ukifanya hivyo utaona gharama ya kujenga ni sehemu ndogo ya hesabu yote. Tutatumia mfano wa gesti ya kubuni yenye vyumba 12, mahali fulani kati ya Hippo Point na ufuo wa Dunga, inayotoza shilingi 4,500 kwa usiku. Bei nitakazotaja ni makadirio ya kufanyia hesabu. Msomaji aweke zake alizopewa, mradi asiruke mstari wowote.

Tuanze na jina, kwa kuwa ni kitu cha bei ndogo chenye madhara makubwa kikiharibika. Majina yanayoishia kwa .ke yanasimamiwa na KENIC, nayo huuzwa kwa umma na kampuni zilizosajiliwa kufanya kazi hiyo. Jina la .co.ke tuliwekee shilingi 1,200 kwa mwaka. Hosting, yaani nafasi kwenye seva ambako tovuti inakaa, tuiwekee 6,000 kwa mwaka, kiwango kinachotosha tovuti ya kurasa chache. Jumla ni 7,200, na hapa ndipo watu wengi husahau ushuru wa VAT wa asilimia 16, maana bei nyingi hutangazwa bila huo. Ukiuongeza unafika 8,352 kwa mwaka, na 25,056 kwa miaka mitatu. Angalia pia maandishi madogo ya tangazo la hosting: bei kubwa inayong'aa mara nyingi ni ya mwaka wa kwanza tu, na bei ya kuhuisha imefichwa chini. Hiyo ya kuhuisha ndiyo ya kuingiza kwenye hesabu tangu mwanzo. Kuhusu cheti cha usalama kinacholeta alama ya kufuli kwenye kivinjari, tangu Let's Encrypt ilipoanza kuvitoa bure kwa umma mwishoni mwa 2015, hakuna sababu ya gesti kukilipia kando. Ukiona mstari wa maelfu ya shilingi kwa ajili ya kufuli, uulizie.

Hatari ya jina haiko kwenye bei yake. Fundi akilisajili kwa jina lake na barua pepe yake, mbele ya kampuni iliyoliuza mwenye mali ni yeye. Mambo yakienda sawa hutagundua kitu. Siku mkikosana, au akibadilisha namba ya simu na ilani ya kuhuisha ikaenda kwenye barua pepe asiyoifungua tena, tovuti inazimika pamoja na anwani zote za barua pepe zilizotegemea jina hilo, na mabango uliyochapisha yanaelekeza wateja mahali pasipo na kitu. Kujikinga ni rahisi: fungua akaunti mwenyewe kwa kampuni inayouza majina, ulipe kwa simu yako, risiti itoke kwa jina la biashara, kisha umpe fundi ruhusa ya kufanya kazi. Ikiwa jina limeshanunuliwa na mtu mwingine, omba lihamishiwe kwenye akaunti yako wakati bado mnaelewana.

Sasa tufike kwenye plagini, mahali ambapo hesabu nyingi hupasuka. Tovuti nyingi za biashara ndogo hujengwa kwa WordPress, ambayo yenyewe ni ya bure. Plagini ni vipande vya programu vinavyoongezwa ili tovuti ifanye kazi fulani: kalenda ya kubuku vyumba, fomu, malipo, nakala za akiba. Nyingi zina toleo la bure lenye mipaka na toleo la kulipia, na la kulipia kwa kawaida hutozwa kila mwaka, kwa dola. Tuseme gesti yetu inahitaji mbili za kulipia, moja ya kubuku na moja ya kupanga kurasa, jumla dola 130 kwa mwaka. Kwa shilingi 130 kwa dola, hiyo ni 16,900 kila mwaka, yaani 50,700 kwa miaka mitatu. Imeshazidi gharama ya kujengewa, na fundi huenda hakuitaja kabisa, kwa sababu mwaka wa kwanza leseni ilikuwa yake.

Kuna pia suala la dola yenyewe. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Aliyehuisha plagini zake mwezi ule wa kwanza alilipa 20,800 kwa kitu kilekile ambacho mwenzake alilipia 16,900 miezi michache baadaye. Bei ya vyumba haikubadilika kwa kiasi hicho kati ya Januari na Juni. Kwa hiyo gawanya karatasi yako safu mbili, ya shilingi na ya dola, kisha uipige ile ya dola kwa kiwango kibaya zaidi unachokumbuka. Jina la .co.ke linakaa upande wa shilingi. Jina la .com liko upande wa dola, na bei yake ya jumla ilipandishwa kutoka dola 9.59 hadi 10.26 Septemba 2024. Ongezeko ni dogo, lakini linaonyesha kwamba hata kitu kinachodhaniwa kuwa na bei thabiti hupanda bila kumuuliza mteja.

Fundi anayetaka kukuvutia kwa bei ya chini anaweza kukuwekea plagini za kulipia bila kuzilipia, nakala zilizovunjwa leseni ambazo hupatikana mtandaoni kwa wingi. Hizi zinafanya kazi siku ya kukabidhiwa, ndiyo maana hazishukiwi. Dalili ni mbili. Kwanza, ukiingia kwenye ukurasa wa Plugins ndani ya WordPress, plagini ya kulipia haina leseni iliyosajiliwa kwa barua pepe yako, wala haisasishwi, au inaonyesha ilani kwamba leseni haipo. Pili, na hii huja baadaye, mteja anayekufikia kupitia Google anatupwa kwenye ukurasa wa kamari au wa dawa, ilhali wewe ukiandika anwani moja kwa moja unaona tovuti yako ikiwa salama. Waliovunja leseni mara nyingi huacha mlango wao ndani ya nakala wanayoigawa. Kusafisha tovuti iliyoingiliwa hivyo kunaweza kugharimu kama kuijenga upya, kwa hiyo ile akiba ya 16,900 haikuwa akiba.

Picha ndizo watu hukata kwanza bajeti ikibana, nami nadhani hapo wanakata mahali pasipofaa. Mgeni anayetoka Eldoret au Nairobi hawezi kugusa kitanda chako. Anaamua kwa kukitazama. Tuweke shilingi 25,000 kwa siku moja ya mpiga picha, na 10,000 nyingine mwaka wa tatu kwa nusu siku ya kurudia vitu vilivyobadilika, jumla 35,000. Siku hiyo ina mpangilio wake katika mji huu. Kisumu iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, na jua la mchana hukaa juu ya kichwa na kutia nyuso na paa vivuli vikali, kwa hiyo saa za nje ni asubuhi mapema na kuanzia saa kumi na nusu alasiri. Mchana upigwe vyumba na chakula. Ghuba ya Winam nayo ina gugumaji, ambalo upepo hulisukuma kutoka ufuo huu hadi ule. Ufuo uliokuwa na maji wazi Jumatatu unaweza kuwa zulia la kijani Alhamisi. Andikeni kwenye makubaliano kwamba picha za ziwani zinaweza kuahirishwa mara moja bila malipo ya ziada. Mpiga picha akipendekeza droni, muulize kama ana usajili na ruhusa za Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, kwa sababu ndege hizo zina kanuni zake tangu 2020 na mji huu una uwanja wa ndege wa kimataifa pembeni ya ziwa.

Mambo mawili ya picha hugharimu pesa baadaye yakipuuzwa. La kwanza ni uzito. Picha inayotoka kwenye kamera nzuri inaweza kuwa na megabaiti 8. Ukurasa wenye picha 12 za namna hiyo unamlazimu mgeni kushusha megabaiti 96 kwa bando lake, naye ataondoka kabla haujafunguka. Fundi azipunguze hadi kilobaiti 200 hivi kila moja, na kazi hiyo iwe ndani ya bei yake, huku wewe ukibaki na faili asilia kwa matumizi mengine. La pili ni watu waliomo pichani. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilitoza kilabu kimoja cha starehe cha Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Karatasi ya ridhaa yenye saini haigharimu chochote. Wahudumu wako watie saini, na wageni wasioombwa wasionekane sura.

Maadamu tumetaja data, gesti iko kwenye orodha ya biashara zinazotakiwa kujisajili kwa ofisi hiyo bila kujali udogo wake, na ada ya walio wadogo ni shilingi 4,000 kwa miezi 24. Siiingizi kwenye gharama ya tovuti, kwa sababu kitabu cha wageni pale mapokezi nacho kina majina na namba za vitambulisho, kwa hiyo ada unadaiwa hata usipokuwa na tovuti. Fomu ya kubuku inafanya tu deni hilo lionekane.

Mstari mkubwa kuliko yote ni matunzo, na ndio unaopingwa zaidi. Watu husema: tovuti imeshajengwa, inakaa pale, nilipie nini kila mwezi? Swali ni la haki. Jibu ni kwamba chini ya tovuti ya WordPress kuna tabaka za programu ambazo hazikai zilivyo. WordPress hutoa matoleo mapya, kila plagini ina yake, na lugha ya PHP inayoziendesha zote ina tarehe za kufa. Tovuti iliyojengwa 2021 juu ya PHP 7.4 iliachwa bila marekebisho ya usalama kuanzia mwisho wa Novemba 2022, ikiwa haijafikisha hata miaka miwili. Kampuni ya hosting ikiilazimisha kuhamia toleo jipya, plagini ya zamani inaweza kugoma na ukurasa ukawa mweupe. Matunzo ni mtu anayechukua nakala ya akiba, anasasisha, anafungua kila ukurasa kwa simu kuona kama umevunjika, anajaribu fomu ya kubuku ili ahakikishe barua pepe inafika, na mara chache kwa mwaka anarudisha nakala ya akiba mahali pa majaribio kuthibitisha kwamba inarudi kweli. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa huwezi kuitegemea. Kazi hiyo, pamoja na kubadilisha bei na maneno, tuipe saa tatu kwa mwezi na shilingi 2,500. Kwa mwaka ni 30,000, kwa miaka mitatu 90,000.

Tujumlishe sasa. Kujenga, pamoja na kuandika maneno ya kurasa, 35,000. Jina na hosting 25,056. Plagini 50,700. Picha 35,000. Matunzo 90,000. Jumla ni 235,756, na bei aliyoisema fundi mwanzoni ni karibu sehemu moja ya saba. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya dola kupanda au fundi wa dharura, unapata 259,332, yaani takriban 86,400 kwa kila mwaka.

Je, ni ghali? Haiwezekani kujibu bila kulinganisha na kitu. Tovuti kubwa za kubukia vyumba hutoza kamisheni, na asilimia 15 ni kiwango cha kawaida. Kwa chumba cha 4,500 hiyo ni 675 kila usiku. Gawa 86,400 kwa 675, unapata 128. Tovuti yetu italipa gharama yake ikiwa kila mwaka italeta malazi ya usiku 128 ambayo yangepitia kwa mwenye kamisheni. Gesti ya vyumba 12 ina malazi 4,380 ya kuuza kwa mwaka, kwa hiyo 128 si mlima. Lakini nyumba ya vyumba vinne ina 1,460 tu, na huenda wageni wake wengi wanakuja kwa kuelekezwa na jamaa. Kwao hesabu hiyohiyo inaanza kuumiza. Anayeuza mbuta na ngege soko la Kibuye hana kamisheni ya kuokoa hata kidogo, na wateja wake hawatafuti muuzaji kwenye Google. Yeye namshauri waziwazi asijenge.

Hapa ndipo watetezi wa Facebook na WhatsApp wanapoingia. Wanasema ukurasa wa Facebook ni bure na wateja tayari wako huko. Kwa biashara nyingi za ufuoni wako sahihi, hasa wakiongeza ukurasa wa bure wa biashara kwenye Google, ambao ndio unaoonekana mtu akitafuta malazi Kisumu kwenye ramani. Mpaka wa hoja yao ni kwamba hapo huna umiliki. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kwa takriban saa sita, dunia nzima, na aliyekuwa na njia moja tu ya kufikiwa hakufikiwa. Pia ofisi ya kaunti au shirika linalotafuta vyumba 10 kwa ajili ya semina litataka anwani ya barua pepe yenye jina la biashara, bei zilizoandikwa na picha za ukumbi mahali pamoja. Mei 2022 Kisumu ilipopokea mkutano wa Africities, wageni walitafuta malazi kutoka nchi nyingine kabisa. Mgeni kama huyo hakujui kwa jamaa.

Wengine hupinga kwa njia nyingine: mpwa wangu anajua kompyuta, atanitunzia bure. Sina neno na mpwa. Ila saa zake tatu kwa mwezi zipo, iwe unazilipa au la, na akipata kazi Nairobi zitahitaji kulipwa kwa mwingine. Ziandike kwenye hesabu kwa bei ya soko, kisha mshukuru kwa msamaha. Wapo pia wanaopendelea huduma za kujijengea zinazolipiwa kila mwezi, ambapo hosting, matunzo na programu vimo kwenye bei moja. Ni njia nzuri kwa asiye na fundi, lakini safu ya dola inakuwa karibu hesabu yote, na ukitaka kuhama hubebi tovuti. Unabeba maneno na picha tu.

Pendekezo langu kwa gesti nyingi za ukubwa huu ni kupunguza vinavyohitaji matunzo kabla ya kupunguza matunzo yenyewe. Tovuti ya kurasa tano zisizo na hifadhidata wala plagini, zenye picha nzuri, bei, ramani, namba ya Till ya M-Pesa kwa amana na kitufe cha kufungua WhatsApp, haina kitu cha kuvunjwa kirahisi wala leseni ya kuhuisha. Kuijenga tuseme 20,000, picha za siku moja 25,000, jina na hosting 25,056, na 5,000 kwa mwaka za kubadilisha bei na kukagua, jumla 85,056 kwa miaka mitatu. Ukiongeza ileile asilimia 10, ni kama 31,200 kwa mwaka, nayo inajilipa kwa malazi 46 hivi. Unachopoteza ni kalenda inayojibu yenyewe na malipo ya kadi kwa mgeni wa ng'ambo asiye na M-Pesa. Lazima mtu mmoja awe na simu ya mapokezi na ajibu ndani ya dakika chache, usiku na mchana. Ukiwa naye, anza na hii. Plagini ya kubuku iongezwe siku ujumbe unaokosa kujibiwa utakapoanza kukugharimu zaidi ya gharama yake ya mwaka, na hiyo utaijua kwa kuhesabu ujumbe wa WhatsApp uliochelewa, mwezi mmoja tu.

Kwa hiyo kabla ya kulipa amana, mwombe fundi karatasi yenye safu za mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, VAT ikiwemo, kila leseni ikitajwa kwa jina na sarafu yake, pamoja na mstari unaosema jina la tovuti, hosting na faili za picha vitakuwa kwenye akaunti za biashara yako. Akikataa kuandika gharama za mwaka wa pili, mtafute mwingine.